Kijiko cha kukodi au cha kununua: muhtasari wa ripoti unavyopaswa kumjibu mwenye kampuni

Ripoti ya kikundi inayomshauri mkandarasi mdogo kuhusu mtambo inaweza kufika kurasa arobaini, lakini mwenye kampuni atasoma ukurasa mmoja na nusu wa mwanzo, kisha atampigia simu mhasibu wake. Huo ukurasa mmoja na nusu, yaani muhtasari wa kiutendaji, ndio ushauri wenyewe. Kurasa zinazofuata zipo ili mtu mwenye shaka apate pa kwenda kuhakiki.

Muhtasari dhaifu hujulikana kwa vitenzi vyake. Utakuta "tulikusanya", "tulichambua", "tulilinganisha", na ukifika mwisho bado hujui mwenye kampuni afanye nini Jumatatu asubuhi. Chanzo cha udhaifu huo mara nyingi hakiko kwenye uandishi. Kiko nyuma yake: watu wanne wameandika sura nne, kila mmoja na dhana zake kuhusu kodi, riba na muda, na aliyepewa kazi ya kuandika muhtasari hana namna ya kutoa jibu moja kutoka kwenye hesabu zisizopatana. Kwa hiyo anaficha. Makala hii inafuata mfano mmoja tangu hesabu hadi ukurasa wa mwisho, ili ionekane mahali jibu linapopotea na namna ya kulirudisha.

Chukua kampuni ndogo ya Dodoma inayochimba mitaro ya mabomba ya maji na misingi ya majengo. Inahitaji kijiko kimoja, yaani mtambo wa kuchimba ardhi, kwa miaka minne. Takwimu za kampuni ni za mfano. Viwango vya kodi ni vya Tanzania Bara. Kijiko kinauzwa shilingi milioni 160 kabla ya Kodi ya Ongezeko la Thamani. Akikinunua, kampuni itagharimia bima na matengenezo makubwa, takriban milioni 14 kwa mwaka, na inategemea kukiuza kwa milioni 60 baada ya miaka minne. Akikikodi, atalipa milioni 4.7 mwanzoni mwa kila mwezi kwa miezi 48, na mwenye mtambo ndiye atakayebeba bima na matengenezo makubwa. Dizeli, opereta, grisi na meno ya bakuli ni juu ya kampuni katika njia zote mbili, kwa hiyo vinaachwa nje ya ulinganisho. Benki inaikopesha kampuni kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka.

Mtu wa haraka atazidisha 4.7 kwa 48, apate milioni 225.6, aziweke kando ya 160 na kusema kukodi ni hasara ya zaidi ya milioni 65. Hesabu hiyo ina makosa matatu kwa mpigo. Inachukulia shilingi ya mwaka wa nne kuwa sawa na shilingi ya leo, inasahau kwamba mnunuzi atalipa bima na matengenezo, na inasahau kodi ya mapato. Lakini kikundi kinachojua haya yote bado hukosea, na hukosea mahali ambapo ni vigumu kuona, kwa sababu kila sura ikisomwa peke yake inaonekana sawa.

Kosa la kwanza ni riba kuhesabiwa mara mbili. Mwandishi wa sura ya ununuzi anajua kampuni itakopa milioni 112, sawa na asilimia 70 ya bei. Kwa miezi 48 marejesho ni kama milioni 3.17 kwa mwezi, na jumla ya riba ni milioni 40 na kidogo. Anaiongeza riba hiyo juu ya bei ya mtambo, kisha anazirudisha fedha zote kwenye thamani ya leo kwa kutumia kiwango kilekile cha mkopo. Hapo riba imeshalipwa mara mbili: mara moja kama gharama, mara ya pili ndani ya kiwango cha kupunguzia, yaani asilimia inayotumika kupunguza fedha za baadaye ili kupata thamani yake ya leo. Utaratibu ulio sahihi ni kuweka bei ya mtambo milioni 160 siku ya kwanza, kana kwamba imelipwa taslimu, na kuiacha riba ifanye kazi yake ndani ya kiwango tu. Na kwa kuwa riba ya mkopo wa biashara hupunguza faida inayotozwa kodi, kiwango cha kutumia ni kile kinachobaki baada ya kodi. Kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida, kwa hiyo 16 mara 0.7 ni asilimia 11.2.

Kosa la pili ni kodi ya ongezeko la thamani kuingia upande mmoja. Muuzaji ametoa ankara ya milioni 188.8, ambayo ni 160 pamoja na asilimia 18. Mwenye kukodisha ametaja milioni 4.7 kwa mwezi bila kodi hiyo. Aliyeandika sura ya ununuzi ameinakili ankara kama ilivyo, aliyeandika sura ya kukodi ameinakili barua kama ilivyo, na ununuzi umebebeshwa milioni 28.8 ambazo kampuni iliyosajiliwa itazidai katika ritani zake. Kampuni iliyosajiliwa ilinganishe pande zote mbili bila kodi hiyo. Ambayo haijasajiliwa, kwa sababu mauzo yake ya mwaka hayajafikia kiwango cha usajili cha milioni 200 kilichowekwa mwaka 2023, iiongeze pande zote mbili, maana kwake hiyo ni gharama isiyorudi. Vyovyote iwavyo, milioni 28.8 hazisahauliki kabisa: zinarudi tena kwenye mjadala wa fedha mkononi, kwa sababu zinatoka leo na kurejea baadaye.

Kosa la tatu ni la tarehe, na ndilo linalogeuza jibu bila mtu kujua. Wanafunzi wengi na hata wahasibu kadhaa hujumlisha malipo ya kukodi ya mwaka mzima, milioni 56.4, na kuyaweka mwishoni mwa mwaka ili jedwali liwe fupi. Mkataba lakini unasema mwanzoni mwa kila mwezi. Ukiweka mwisho wa mwaka, kukodi kunagharimu milioni 122.0 kwa thamani ya leo na kununua milioni 124.7, yaani kukodi kunaonekana nafuu. Ukiweka malipo miezi ambayo kweli yanatoka, na bima na matengenezo yakaenea mwaka mzima, kukodi kunapanda hadi milioni 132.4 na kununua hadi 126.9. Mshindi amebadilika, na kilichobadilika ni tarehe tu kwenye jedwali. Kiwango cha mwezi kinachotoka kwenye asilimia 11.2 kwa mwaka ni asilimia 0.889 hivi, hakipatikani kwa kugawa kwa 12.

Kwa wanaotumia Excel kuna mtego mdogo unaohusiana na huo. Kitendaji cha NPV hudhani kwamba namba ya kwanza inatoka mwisho wa kipindi cha kwanza. Malipo ya siku ya kwanza yakiwekwa ndani yake, nayo hupunguzwa bila haki. Yaachwe nje ya mabano, hivi, ambapo B2 ni siku ya kwanza na C2 hadi F2 ni miaka minne:

```
=B2+NPV(0.112,C2:F2)
```

Sasa hesabu iliyosafishwa. Upande wa kununua unaanza na milioni 160 zinazotoka. Sheria ya Kodi ya Mapato huweka mitambo ya ujenzi na ya kuchimba ardhi katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Mwaka wa kwanza punguzo la uchakavu, linalotolewa kwenye faida kabla ya kutozwa kodi, ni milioni 60, wa pili 37.5, wa tatu 23.4, wa nne 14.6. Kila punguzo huokoa asilimia 30 yake ya kodi, na akiba hizo nne zikirudishwa kwenye thamani ya leo zinafika milioni 33.3. Kuna kikundi kitakachotumia uchakavu wa vitabu vya hesabu badala ya huu wa kodi, kwa mfano kugawa bei kwa miaka sawasawa. Namba hiyo ni halali kwenye taarifa ya fedha, ila Mamlaka ya Mapato haiitambui, kwa hiyo haina nafasi hapa.

Bima na matengenezo baada ya kodi yanaongeza milioni 32.5 kwenye gharama. Halafu mwisho wa mwaka wa nne kijiko kinauzwa milioni 60. Salio la kodi limeshuka hadi milioni 24.4, kwa hiyo milioni 35.6 zinazozidi salio hilo huingia kwenye mapato na kutozwa asilimia 30. Kinachobaki mkononi ni milioni 49.3, ambazo leo zina thamani ya milioni 32.3. Ukitoa na kujumlisha, kununua kunagharimu milioni 126.9.

Upande wa kukodi ni mfupi. Malipo 48 ya milioni 4.7, yakirudishwa kwenye thamani ya leo, ni milioni 184.6. Akiba ya kodi juu yake ni milioni 52.3. Inabaki milioni 132.4. Tofauti ya laki moja hapa na pale inatokana na kufupisha desimali. Hesabu zote hizi zinadhani kampuni inapata faida ya kutozwa kodi kila mwaka. Ikipata hasara, akiba ya kodi inasogea mbele hadi faida irudi, na anayeumia zaidi ni mnunuzi, kwa sababu sehemu kubwa ya punguzo lake iko mwaka wa kwanza.

Kununua ni nafuu kwa milioni 5.4. Hapa ndipo vikundi vingi husimama na kuandika "tunapendekeza ununuzi". Ni mapema mno. Milioni 5.4 ni kama asilimia nne ya gharama nzima, na imekaa juu ya namba moja ambayo hakuna anayeijua kwa uhakika: bei ya kukiuza kijiko miaka minne ijayo. Kila milioni moja inayopungua kwenye bei hiyo huongeza gharama ya kununua kwa kama laki 4.6 za leo, baada ya kodi na muda. Kwa hiyo kijiko kikiuzwa milioni 48 badala ya 60, faida ya kununua inaisha kabisa. Kikiuzwa milioni 40, kukodi kunakuwa nafuu.

Namba hiyo ya milioni 48 ndiyo yenye thamani kuliko zote kwenye ripoti, na mara nyingi haionekani kwenye muhtasari. Mwenye kampuni ya ujenzi hana haja ya kujua kiwango cha kupunguzia, lakini anaijua bei ya vijiko vilivyotumika kuliko kikundi kizima. Mwambie "kununua ni nafuu kwa milioni 5.4", atakubali au kukataa kwa imani. Mwambie "kununua ni nafuu iwapo baada ya miaka minne utakiuza kwa zaidi ya milioni 48", atakwenda kuwauliza watu watatu wanaouza mitambo iliyotumika, na atarudi na jibu bora kuliko la kikundi. Bei wanazotaja zilinganishwe kwa saa za kazi zilizo kwenye mita, maana mtambo wa miaka minne wenye saa 5,000 na wenye saa 9,000 havina bei moja hata kama rangi inang'aa sawa.

Baada ya gharama kunakuja jambo ambalo katika kampuni ndogo huamua zaidi: fedha mkononi. Kampuni ya mfano wetu ina milioni 90 benki, na mishahara, dizeli na vifaa vyake vinakula milioni 35 kwa mwezi. Malipo ya miradi hutegemea hati za kazi iliyokamilika, na hati ikikaa mezani miezi miwili, kazi haisimami lakini fedha zimesimama. Akinunua kwa mkopo, atatoa milioni 48 za mchango wake na milioni 28.8 za kodi ya ongezeko ndani ya wiki za mwanzo. Jumla ni milioni 76.8. Anabaki na milioni 13.2, ambazo hazifiki hata nusu ya mwezi. Akikodi, malipo ya kwanza pamoja na kodi ya ongezeko ni milioni 5.5, na anabaki na milioni 84 na ushei, za kutosha miezi miwili na zaidi.

Inafaa pia kusema wazi kwamba mzigo wa kila mwezi baada ya hapo haupishani sana. Mnunuzi anarejesha milioni 3.17 benki na kuweka kama milioni 1.17 za bima na matengenezo, jumla milioni 4.34, mkodi analipa 4.7. Tofauti kubwa iko katika wiki za mwanzo tu. Ripoti inayosema kwa jumla kwamba kukodi "kunapunguza mzigo wa fedha" inamnyima mwenye kampuni ukweli huu, naye anaweza kudhani kila mwezi utakuwa mwepesi.

Kwa hali hiyo ushauri sahihi kwa kampuni hii ni kukodi, ingawa ni ghali kwa milioni 5.4. Hiyo ni bei ya kubaki na fedha za kulipa mafundi hati zikichelewa. Muhtasari useme hivyo bila aibu. Vikundi huogopa kupendekeza njia yenye gharama kubwa zaidi, kwa hiyo hurudi kwenye jedwali na kuchezea bei ya kuuza mpaka kukodi kuonekane nafuu. Msomaji makini akigundua, hataamini ukurasa mwingine wowote.

Sasa kuna mtego mmoja wa mkataba, na huwanasa hasa watu wenye nia njema. Kikundi kikishaona kukodi kunafaa kwa fedha na kununua kunafaa kwa gharama, mtu atapendekeza: tukodi, lakini mkataba utupe haki ya kukinunua kijiko mwishoni kwa bei iliyopangwa leo, tuseme milioni 20. Inasikika vizuri. Lakini kwa kodi ya mapato mkataba wenye haki ya kununua kwa bei iliyopangwa huhesabiwa kuwa ukodishaji wa kifedha, ule ambao kwetu huitwa karadha na una sheria yake ya mwaka 2008. Vivyo hivyo mkataba unaochukua zaidi ya asilimia 75 ya maisha ya mtambo, au ambao malipo yake ya mtambo wenyewe, bila bima na matengenezo, kwa thamani ya leo yanafikia asilimia 90 ya bei ya soko. Sheria ya kodi huuona kama mauzo ya mkopo: mkodi ndiye mmiliki, anapata punguzo la uchakavu, na katika malipo yake ni ile sehemu ya riba tu inayopunguza faida.

Kwa maneno mengine, kifungu kimoja kilichoongezwa kwenye ukurasa wa mapendekezo kinaibatilisha hesabu nzima ya sura ya kukodi, ambayo ilipunguza milioni 56.4 zote kila mwaka. Nimeona pia ripoti iliyodai vyote viwili kwa pamoja: malipo yote yanapunguza faida, na uchakavu pia. Hilo haliwezekani kwenye mtambo mmoja. Anayetaka mlango wa kununua uwe wazi aombe haki ya kupewa ofa kwanza, kwa bei ya soko ya siku hiyo, bila namba kuandikwa leo. Na mhasibu asome rasimu ya mkataba kabla hesabu ya kodi haijafungwa, kwa sababu jina lililoandikwa juu ya mkataba haliamui chochote. Masharti ya ndani ndiyo yanayoamua.

Jambo la mwisho kabla ya kuandika: swali lenyewe. Mteja aliuliza "nikodi au ninunue", na kikundi kikajifunga ndani ya maneno hayo mawili. Ipo njia ya tatu, kukodi kwa siku, ambayo wakandarasi wengi wanaitumia tayari. Kama kijiko kinapatikana kwa laki sita kwa siku bila dizeli wala opereta, mkataba wa milioni 56.4 kwa mwaka ni sawa na siku 94 za kazi. Kampuni inayofanya kazi siku 60 kwa mwaka haina sababu ya kusoma ripoti hii. Yenye siku 150, kama ya mfano wetu, inayo. Siku hizo zihesabiwe kutoka kwenye daftari la kazi la mwaka uliopita, kwa sababu ukimuuliza msimamizi wa saiti atakwambia kijiko kinahitajika kila siku.

Sasa muhtasari unaweza kuandikwa, na uandikwe na mtu mmoja. Kugawana aya, kila mwandishi wa sura na aya yake, kunarudisha palepale tulipoanzia. Mtu huyo kwanza achukue karatasi moja aandike dhana zote: bei, kodi, riba, muda, tarehe za malipo, bei ya kuuza. Wengine watatu wasaini kwamba sura zao zinatumia namba hizohizo. Ndipo aandike kitu kama hiki:

"Tunashauri kampuni ikodi kijiko kwa mkataba wa miezi 48, kwa masharti matatu yaliyotajwa hapa chini, na isinunue kwa sasa.

Kwa thamani ya leo na baada ya kodi, kukodi kutagharimu milioni 132.4 na kununua milioni 126.9. Kununua ni nafuu kwa milioni 5.4. Hata hivyo nafuu hiyo ipo tu iwapo kijiko kitauzwa kwa zaidi ya milioni 48 baada ya miaka minne. Sisi tumekadiria milioni 60.

Tunashauri njia yenye gharama zaidi kwa sababu ya fedha mkononi. Kununua kutatoa milioni 76.8 katika wiki za mwanzo na kuiacha kampuni na milioni 13.2, wakati matumizi ya mwezi ni milioni 35. Hati moja ikichelewa mwezi mmoja, mishahara haitalipika. Kukodi kutaiacha na zaidi ya milioni 84.

Masharti: kwanza, mkataba uruhusu kurudisha mtambo baada ya miezi 24 kwa fidia isiyozidi malipo ya miezi mitatu, yaani milioni 14.1, kwa kuwa kandarasi mlizo nazo zinaishia mwaka wa pili. Pili, kikomo cha saa kisipungue 1,800 kwa mwaka. Matumizi yenu ya siku 150 kwa saa nane ni saa 1,200. Tatu, mkataba usiwe na bei ya kununua iliyopangwa, kwa sababu itabadilisha hesabu ya kodi iliyotumika hapa.

Ushauri huu utabadilika na kuwa kununua iwapo kampuni itakuwa na zaidi ya milioni 150 benki kabla ya kusaini, na wauzaji wa mitambo iliyotumika wakithibitisha bei ya kuuza isiyopungua milioni 55. Utabadilika na kuwa kukodi kwa siku iwapo kazi za mwaka zitashuka chini ya siku 94.

Hesabu za gharama hazina kodi ya ongezeko la thamani, za fedha mkononi zinayo, na zote zinadhani kampuni itapata faida kila mwaka. Kabla ya kusaini: mhasibu asome rasimu ya mkataba, na bei za mitambo iliyotumika zipatikane kutoka kwa wauzaji watatu."

Muhtasari huu hauna historia ya kampuni, hauelezi maana ya kukodi, na haumshukuru mtu. Jibu liko kwenye sentensi ya kwanza. Namba inayopinga ushauri iko aya ya pili, mahali pa wazi, kwa sababu mwenye kampuni ataiona tu na ni heri aione kwetu. Aya ya masharti ni ndefu kuliko ya gharama, na inafaa iwe hivyo: gharama zimeshapangwa na soko, masharti ndiyo anayoweza kuyajadili mezani.

Sharti la saa linastahili neno zaidi, maana ndilo husahaulika. Mikataba mingi ya mitambo huweka kikomo cha saa kwa mwaka na faini kwa kila saa inayozidi. Kampuni ikipata kandarasi kubwa na kufanya kazi zamu mbili, saa zinaweza kufika 2,200. Kwa faini ya shilingi elfu 30 kwa saa, hizo 400 zinazozidi ni milioni 12 kwa mwaka, na zikirudiwa kila mwaka nafuu ya milioni 5.4 ya kununua inakuwa zaidi ya milioni 30. Mwaka mzuri wa kazi ndio unaofanya mkataba wa kukodi kuwa mbaya. Kikundi kiulize kama saa zisizotumika mwaka mmoja zinahamia mwaka unaofuata; jibu likiwa ndiyo, liandikwe kwenye mkataba, lisibaki kwenye mazungumzo ya simu.

Kisha ukaguzi wa mwisho, ambao huchukua chini ya saa moja. Mtu ambaye hakuandika muhtasari aukamate, apigie mstari kila namba, na kwa kila namba atafute ukurasa wa ripoti inakotoka. Namba isiyo na ukurasa ifutwe au itafutiwe hesabu yake. Namba yenye kurasa mbili zinazotofautiana ni ishara kwamba mwandishi mmoja hakubadilisha sura yake dhana ziliposawazishwa, na mara nyingi ni ile ya kodi ya ongezeko. Halafu mkaguzi abadilishe bei ya kuuza kwenye jedwali iwe milioni 48 aone kama pande mbili zinalingana kweli. Zisipolingana, kuna kitu kwenye jedwali kilichopachikwa kwa mkono badala ya kuhesabiwa, na ripoti haiko tayari kwenda kwa mteja.